Bi Kipimo na Fomu ya Ridhaa

Kazi ya Mfasiri ilikuwa ngumu kuieleza, na ukoo wake ulikuwa umeshakata tamaa kujaribu. Kwa kuwa ofisi yake ilikuwa nyuma ya hospitali, majirani walikata shauri kwamba ni daktari anayeona haya kujitangaza, wakawa wanamsimamisha njiani kumwonyesha vipele na kumkoholea usoni. Akiwaambia yeye hutafsiri karatasi tu, walimwitikia kwa adabu, kisha wakafunua kipele kingine.

Karatasi zenyewe zilikuwa fomu za ridhaa. Watafiti wakitaka kujaribu dawa kwa watu, ni lazima kila mtu aelezwe kwanza utafiti ni wa nini, atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kwamba ana ruhusa ya kukataa. Akielewa na kukubali ndipo anatia sahihi. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi ambaye si mtu wa utafiti, kisha huweka dole gumba. Fomu zilimfikia Mfasiri zikiwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu waliosoma mpaka wamesahau wenzao wanavyoongea. Sentensi moja ilianza juu ya ukurasa na kumalizikia chini, ikihema. Yeye aliikatakata, akaifanyia Kiswahili cha sokoni, akaiweka mbele ya watu waliosoma madarasa machache au hawakusoma kabisa.

Na hapo ndipo alipoingia mama mkwe wake.

Mama huyu aliacha shule darasa la pili, baba yake alipofariki. Herufi alizijua, lakini alizisoma moja moja, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Alipofiwa na mume alihamia kwa mwanawe na mkewe, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya majonzi matupu. Alikaa dirishani mchana kutwa, chai ikimpolea mkononi. Jioni moja Mfasiri, kwa kukosa mtu mwingine, alimsomea rasimu ya fomu ya utafiti wa malaria, akamwomba aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Mama akaieleza, na akakosea vibaya sana. Alidhani damu ikichukuliwa itauzwa. Mfasiri akaiandika upya sehemu ya damu, akamsomea tena, na mara hii mama akaelewa. Siku ile mama alikula akamaliza sahani.

Tangu hapo kila rasimu ilipita mikononi mwake. Mume wa Mfasiri, mtu wa mizaha, akambandika mama yake jina la Bi Kipimo, na jina likamkaa kama lilishonwa kwa vipimo vyake. Bi Kipimo aliichukua kazi ile kwa uzito wote. Siku ya fomu alivaa gauni la kutokea, akafuta miwani, akaketi kwenye kiti cha kichwani mwa meza, na pacha wawili wa Mfasiri walifukuzwa uani ili wasimvurugie akili. Akielewa sentensi alitikisa kichwa. Asipoelewa alinyanyua kidole. Na jambo likimchosha kwa urefu alipiga mwayo, wala hakuuficha.

Ule mwayo Mfasiri aliuogopa kuliko kamati ya maadili, ile inayopitisha kila fomu kabla haijatumika. Kila penye mwayo alikata maneno. Miaka ilivyokwenda fomu zake zikawa fupi, nyepesi, za kupendeza macho, na mkuu wa utafiti akawa anawaonyesha wageni akisema hivi ndivyo inavyotakiwa. Mfasiri alijisikia mtu mbele za watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa akilitia maji kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kujua.

Ukaja utafiti wa shinikizo la damu. Wagonjwa wengi wa presha walikuwa wakimeza vidonge mbalimbali kila siku, na watafiti walitaka kujua iwapo kidonge kimoja chenye dawa zote ndani kingewasaidia zaidi. Nusu ya watu wangepewa kidonge kipya, nusu wangeendelea na vile vya kawaida, na kompyuta ndiyo ingewagawa kwa bahati nasibu. Mfasiri aliitafsiri fomu, Bi Kipimo akaisikiliza na kuieleza bila kuteleza, na mwayo mmoja tu ulitokea, pale palipoelezwa kwa nini daktari mwenyewe hachagui. Mfasiri akakata maneno pale. Mtu mwingine ofisini aliirudisha fomu katika Kiingereza ili ilinganishwe na ya asili, ikaonekana hakuna maana iliyopotoka. Mkuu akafurahi.

Kamati ya maadili ndiyo iliyoleta neno jipya. Kabla ya kuigonga muhuri, katibu wake alitaka fomu isomwe kwa wagonjwa wachache wa kliniki yenyewe, si kwa ajili ya kuwaandikisha, ila kuona kama wanaielewa. Mfasiri hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikwenda kliniki ya presha amevaa viatu vipya.

Muuguzi wa utafiti, binti mchangamfu aliyeajiriwa karibuni, aliwaita watu mmoja mmoja kwenye chumba kidogo kando ya mapokezi. Aliwaambia wazi kwamba leo hakuna anayeandikishwa, na kwamba kinachopimwa ni karatasi, si wao. Kisha akasoma polepole, na Mfasiri akakaa pembeni na kalamu.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu, mikono bado ina gundi. Alisikiliza kwa makini sana, na alipoulizwa dawa atapewaje alijibu bila kusita kwamba daktari atampima, aone kidonge gani kinamfaa, ampe hicho. Muuguzi akamuuliza, je, kompyuta? Fundi akasema kompyuta ndiyo itakayomwambia daktari kinachomfaa, siku hizi zina akili sana. Wa pili alikuwa mama anayefua nguo za watu. Yeye aliulizwa itakuwaje akikataa. Akainamisha uso, akajibu kwamba hawezi kukataa, maana faili lake liko hapa hapa na vidonge vyake vinatoka hapa hapa. Fomu ilikuwa imesema anaweza kukataa. Ilisema kwa maneno manne, safi kabisa. Wa tatu na wa nne walipita njia hizo hizo.

Mfasiri alitoka mle chumbani viatu vipya vikimbana. Si kwamba alifedheheka tu, ingawa alifedheheka. Yule mama wa kufua ndiye aliyemkaa moyoni. Angeweka dole gumba kwa hofu, na karatasi ingeandika kwamba ameridhia. Zimepita fomu ngapi namna hiyo? Hakutaka kuhesabu, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsalimu mtu.

Jioni alimketisha Bi Kipimo na kumsomea fomu ile ile upya, akitafuta neno lililowaangusha wale watu. Bi Kipimo alieleza kila kitu. Kompyuta hainijui, alisema, inagawa tu kama kuokota karatasi kwenye kofia. Nikikataa napewa dawa zangu za kila siku. Nikikubali leo naweza kujitoa kesho, na hakuna wa kuniuliza kwa nini. Mfasiri akatazama karatasi. Habari ya kofia haikuwamo. Aliwahi kuiandika, kwenye fomu ya miaka mingi iliyopita, kisha akaikata kwa sababu ya mwayo.

Shaka ikamwingia. Akageuza ukurasa, akasoma wa pili kwa sauti ile ile, ila akairuka kwa makusudi aya nzima ya hatari za dawa. Akauliza, "Na hatari zake, mama?"

"Kichwa kuuma, miguu kuvimba, kizunguzungu ukisimama ghafla," alijibu Bi Kipimo, akivua miwani. "Likikupata lolote, unapiga simu kwenye namba iliyo nyuma. Hapa sasa kinafuata kile kipande cha siri, kwamba jina langu halitaandikwa. Soma, mwanangu, mbona umenyamaza?"

Mfasiri alikuwa ameona alichokifanya. Miaka yote ile alidhani anapima fomu, kumbe alikuwa anamsomesha mama. Mtu aliyeacha darasa la pili alikuwa ameshasikia fomu nyingi kuliko wajumbe wa kamati, na kila fomu mpya aliijaza mwenyewe kwa aliyoyajua kutoka kwa zile za nyuma. Alipokuwa anapiga mwayo, si urefu uliomchosha. Alikuwa ameshasikia. Na Mfasiri, kwa kumpunguzia mwayo, alikuwa akikata yale yale ambayo fundi viatu na mama wa kufua walikuwa wanayahitaji kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mazoea yana taabu, walisema wa kale, na taabu hii ilikuwa imevaa gauni la kutokea, ikisubiri ukurasa wa tatu.

Tiba yake ilijulikana. Bi Kipimo asitumike tena. Kuijua ni jambo moja, kumwambia mama mkwe ni jingine. Usiku chumbani alimsimulia mumewe, akamwomba amwambie yeye, maana ni mama yake mzazi. Mume akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi simo," alisema. "Hiyo kazi ulimpa wewe. Mimi nilimpa jina tu."

Mfasiri aliahirisha kesho yake, akaahirisha na siku iliyofuata. Aliogopa jambo moja tu, nalo lilikuwa kubwa. Aliogopa kumrudisha mama dirishani. Kazi ile ndiyo iliyomtoa kwenye majonzi, na sasa yeye ndiye wa kumnyang'anya. Lakini kamati ilikuwa inakaa wiki iliyofuata, na mama wa kufua hakumwacha alale. Jumatano mchana, wakichambua mchele sebuleni, alimwambia yote. Hakuzunguka. Alimweleza habari za fundi, za yule mama aliyedhani faili lake litafungwa, na za aya aliyoiruka.

Bi Kipimo aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa.

"Kwa hiyo nimefukuzwa kazi," alisema, "kwa kosa la kuelewa."

Mfasiri hakuweza kusema hapana, kwa sababu ilikuwa ni kweli. Akasema tu kwamba anasikitika, na kwamba kosa ni lake yeye, si la mama. Bi Kipimo akaweka ungo chini, akachukua miwani yake mezani, akaingia chumbani. Jioni alisema hana njaa. Pacha walitumwa kumwita, wakarudi wakisema bibi amelala amevaa miwani.

Siku ya pili Mfasiri aliomba ruhusa afanyie kazi nyumbani, akaiandika fomu upya kwa uchungu. Yote aliyoyakata aliyarudisha. Aliandika kwamba hakuna ajuaye bado kidonge kipi ni bora, hata daktari hajui, na ndiyo maana utafiti unafanywa. Aliandika kwamba kompyuta itagawa watu kama mtu anayeokota karatasi zilizokunjwa kwenye kofia, bila kuangalia nani ni nani, wala nani anaumwa zaidi. Habari ya kukataa aliitoa chini, akaipandisha juu kabisa, akaiongezea: faili lako litabaki, dawa zako utapewa kama kawaida, muuguzi hatakukasirikia. Baada ya kila kipande aliweka swali la msomaji kuuliza, ili mtu aeleze kwa maneno yake kabla ya kusonga mbele. Akachora picha ya kofia. Haikufanana sana na kofia, lakini ilimridhisha.

Fomu ikarefuka. Hakuwa na wa kumsomea. Alikuwa amekaa akiwaza amsimamishe nani barabarani, mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Kipimo akimshika mkono jirani wa nyumba ya pili, muuza vitambaa, mama mnene wa kucheka ovyo ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona fomu isipokuwa ya umeme.

"Nimekuletea mbichi," alisema Bi Kipimo, uso umekazwa. "Huyu hajui kitu."

Muuza vitambaa akacheka, akathibitisha kwamba kweli hajui. Mfasiri alisimama, akataka kushukuru, mama akampungia mkono aanze. Yeye mwenyewe akaketi kando, mikono imekunjwa mapajani, midomo imebanwa, ameapa kunyamaza.

Akanyamaza kweli. Tatizo lilikuwa nyusi. Muuza vitambaa akiulizwa swali alimtazama kwanza mwenzake, na Bi Kipimo nyusi zikapanda jibu likiwa sawa, zikashuka likipotoka. Muuza vitambaa hakuwa mjinga. Biashara yake yote ilikuwa ya kusoma nyuso za wateja. Akajibu maswali matatu mfululizo bila kosa, akamkonyeza Bi Kipimo. Mfasiri akaweka kalamu chini. Alitaka kusema neno, lakini kumtoa mama mara mbili wiki moja kulimshinda, akabaki akiipapasa karatasi.

Bi Kipimo aliona. Alivuta pumzi, akasimama. Akasema hata akifumba macho ataguna, anajijua. Akatoka mwenyewe, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

Muuza vitambaa, alipobaki peke yake, alijibu vibaya kwa raha zake. Alielewa kukataa, alielewa kofia, lakini alidhani anayepata kidonge kipya ndiye aliyeshinda. Mfasiri nusura ambusu. Akaongeza sentensi, kwamba karatasi ya kofia haina zawadi, wala hakuna upande wa washindi. Akasoma tena, na safari hii muuza vitambaa akaelewa, akauliza maswali mazuri, akaondoka akidai alipwe chai. Mkuu wa utafiti aliipokea fomu ndefu ile shingo upande, akaipima uzito, kisha akasoma majibu ya fundi na ya mama wa kufua yaliyobandikwa nyuma. Akasema ipelekwe kliniki.

Siku ya kusoma tena kliniki iliangukia siku ya Bi Kipimo kuchukua vidonge vyake vya presha, maana naye alikuwa mgonjwa wa kliniki ile. Mfasiri hakupanga hivyo, na alipomwona ameketi kwenye benchi la tatu, gauni la kutokea, mkoba mapajani, alirudi nyuma hatua moja. Tangu mchana ule wa mchele walikuwa wakisemeshana vizuri, chumvi nipe, maji yapo, lakini mzaha wa mama haukuwa umerudi.

Muuguzi alianza na seremala mmoja aliyekuja na futi mfukoni. Alimsomea kipande, akauliza, akamsomea kipande kingine. Seremala alichukua muda kila mara, akijikuna kichwa. Mwishoni aliambiwa aeleze yote kwa pamoja. Akasema daktari mwenyewe hajui kipi ni bora, ndiyo maana anawatupa kofiani. Akasema hakuna kushinda humo. Muuguzi akamuuliza, tuseme siku ile ya kuandikisha imefika, je, angekubali?

"Hapana," alisema seremala. "Vidonge vyangu nimevizoea. Na mmesema nikikataa hamkasiriki."

Alimtazama muuguzi kuona kama atakasirika. Muuguzi akatabasamu, akamshukuru. Mfasiri, pembeni, aliandika hapana ile kwa herufi kubwa, na machozi yakamlengalenga. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusikia mtu wa kliniki akikataa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa sukari ya pili.

Wawili waliofuata walielewa pia. Ikabaki nafasi ya mtu mzee, na muuguzi, ambaye hakumjua mama mkwe wa mtu yeyote, alipita kwenye mabenchi akitazama nywele nyeupe. Akasimama mbele ya Bi Kipimo. Kupitia mlango uliokuwa wazi Mfasiri aliona yote. Alinyanyuka nusu, akakaa. Mama alikuwa amevaa miwani. Mama alikuwa tayari tangu alfajiri, hilo lilionekana hata kwa mgeni.

"Shikamoo bibi," alisema muuguzi. "Unasoma?"

"Marahaba. Kidogo kidogo."

"Basi tunakuhitaji. Tuna karatasi hapa, tunataka kujua kama inaeleweka. Unaweza kukataa, hakuna shida."

Bi Kipimo alitazama mlango wa kile chumba. Alimwona mkwewe mle ndani, kalamu mkononi. Mikono yake iliubana mkoba, na kwa kitambo mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia mbele, tayari kunyanyuka. Kisha akaurudisha.

"Hapana, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika benchi zima. "Mimi sifai. Mimi naelewa."

Akamgusa begani mzee aliyesinzia pembeni yake, akamwamsha, akamwambia anaitwa. Mzee akaongozwa ndani akipepesa macho. Mfasiri alimvutia kiti, akashindwa kuyaondoa macho yake mlangoni, kwa sababu Bi Kipimo kule nje alikuwa amevua miwani, akaitia mkobani, na alikuwa akicheka peke yake.